Naiti Odita Si Mkaguzi wa Hesabu: Kulitafsiri Tangazo Moja la Kazi ya Hoteli

Hoteli moja ya Arusha, yenye vyumba vipatavyo sitini, iliniletea tangazo la kazi ambalo lilikwisha kutafsiriwa na mtu mwingine, likabandikwa, likasambazwa kwenye makundi ya Wasapu, kisha likaleta watu wasiotakiwa. Kichwa chake kilisema: "Anahitajika Mkaguzi wa Hesabu wa Usiku." Waliojitokeza walikuwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wahasibu wenye CPA, ambao waliposikia mshahara waliaga kwa adabu. Kundi la pili ni walinzi, walioliruka neno "hesabu" na kusoma "mkaguzi wa usiku", wakadhani anatakiwa mtu wa kuzunguka uzio na tochi. Wahudumu wa mapokezi wenye kichwa cha hesabu, ambao ndio hasa hoteli ilikuwa ikiwatafuta, waliliona tangazo wakalipita, kwa sababu hakuna mhudumu wa mapokezi anayejiita mkaguzi.

Mahotelini kazi hiyo huitwa "naiti odita", na neno hilo limeingia Kiswahilini likiwa limevaa nguo za Kiingereza, kwa hiyo kila mtafsiri hujaribu kuzivua kwa namna yake. Kabla ya kuzivua ni lazima kujua aliyemo ndani anafanya nini kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi.

Tuanze na neno linaloleta mtego. Mkaguzi wa hesabu, kwa Mtanzania wa kawaida, ni mtu wa aina ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, au mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Msingi wa kazi yake ni kwamba anazikuta hesabu zimekwisha kuandikwa na wengine, anazichunguza akiwa mtu wa nje, halafu anatoa maoni kama zinaaminika. Naiti odita hana hata moja kati ya hayo. Yeye mwenyewe ndiye anayeingiza sehemu kubwa ya hesabu za siku ile, ndiye anayepokea fedha za mgeni anayefika usiku wa manane, na ndiye anayezifunga. Mkaguzi halisi akija mwisho wa mwaka, makaratasi ya naiti odita yatakuwa miongoni mwa vitu vya kwanza atakavyovikagua. Kiingereza kiliiita kazi hii ukaguzi kwa maana ndogo tu: kila usiku mtu mmoja anapitia kila kilichoandikwa mchana kutwa na kuhakikisha kuwa kinakubaliana na vithibitisho vyake kabla siku haijafungwa.

Anayetaka picha ya jambo hili asiende mbali. Atazame kibanda cha wakala wa fedha za simu saa tatu usiku. Wakala alianza siku na mtaji wa milioni mbili, sehemu ikiwa floti kwenye simu na sehemu ikiwa noti kwenye droo. Mchana kutwa floti imepanda na noti zimeshuka, kisha kinyume chake, lakini akijumlisha vyote viwili usiku, ukiacha kamisheni, lazima apate milioni mbili ileile. Akipata pungufu, amepata shoti, na hafungi kibanda mpaka ajue imetokea wapi. Hatua inayofuata tunaifahamu kwa wenye maduka: mwisho wa siku mashine ya EFD hutoa ripoti ya Z, ambayo inafungia mauzo ya siku hiyo ili ya kesho yaanze upya. Naiti odita hufanya mambo hayo mawili kwa hoteli nzima, huku mlango wa mbele uko wazi na wageni wanaingia. Mtafsiri akiishika picha hiyo, tangazo lote hulainika.

Tangazo la Kiingereza lilieleza majukumu katika sentensi sita, na tafsiri ya kwanza ilizikosea tatu. Sentensi ya msingi kuliko zote ilisema kwamba mwajiriwa ataingiza bei ya chumba na kodi kwenye hesabu ya kila mgeni. Mtafsiri wa kwanza aliandika kuwa "atatuma viwango vya vyumba", kwa sababu kitenzi cha Kiingereza kinachotumika hapo kinafanana na neno "posta". Hakuna kinachotumwa popote. Kila mgeni ana ukurasa wake kwenye mfumo wa kompyuta, ambao watu wa mapokezi huuita folio, na ukurasa huo ni kama daftari la mkopo la dukani: kila alichokula, alichokunywa na alichofuliwa huandikwa humo mpaka siku atakapolipa. Bei ya chumba haiandikwi mgeni anapofika. Huandikwa mara moja kila usiku, wakati wa kufunga siku, na ndiyo maana mgeni wa usiku tatu hutozwa mara tatu. Chumba cha shilingi 118,000, kodi ikiwa imo, huingia kama 100,000 ya chumba na 18,000 ya kodi ya ongezeko la thamani, maana kiwango ni asilimia 18. Kwa hiyo nikaandika: "Kuingiza bei ya chumba na kodi kwenye hesabu ya kila mgeni kila usiku." Na neno "kiwango" nililiacha kabisa, kwa sababu Kiswahili cha kila siku huuliza bei ya chumba.

Sentensi ya pili ilihusu kulinganisha mauzo ya mgahawa, baa na dobi na fedha zilizopokelewa. Hapa tafsiri ya kwanza ilisema "kukagua maduka", kwa kuwa Kiingereza cha hoteli huziita sehemu zote za mauzo kwa neno moja ambalo kamusi hulipa maana ya duka au ya tundu la kutokea maji. Afadhali kuzitaja sehemu zenyewe. Lakini hata baada ya kuzitaja, msomaji anapaswa kujua uzito wa kitenzi "kulinganisha", kwa sababu ndicho kinachomtofautisha mwombaji anayefaa na asiyefaa. Nitaeleza kwa mfano wa usiku mmoja.

Tuseme mashine ya mgahawa inaonyesha kuwa bili zilizopelekwa vyumbani jioni hiyo ni jumla ya shilingi 412,000, na mfumo wa mapokezi unaonyesha 394,000. Tofauti ni 18,000. Mgeni wa kazi hii ataanza kupitia bili moja moja kuanzia juu. Aliyezoea ataigawa kwanza ile tofauti kwa tisa, na ikigawanyika bila baki, atashuku kuwa mtu ameandika tarakimu mbili kwa kuzigeuza. Atatafuta bili ambayo tarakimu zake mbili za mbele zinatofautiana kwa mbili, na ataikuta: mhudumu aliyekuwa akiingiza kwa mkono aliandika 46,000 mahali pa 64,000. Hesabu inafunga kwa dakika tano. Hii ni mbinu ya kale ya makarani, na haitokei kila mara, lakini huokoa muda mwingi wa usiku.

Kuna kosa baya zaidi, nalo ni lile lisiloonekana kwenye jumla. Bili ya shilingi 64,000 ya chumba 214 ikiingizwa chumba 241, jumla zote zitafunga sawasawa, mfumo hautalalamika, na asubuhi mgeni wa 241 ataiona bili ya samaki ambaye hakumla. Wakati huo mwenzake wa 214 amekwisha kuondoka kuelekea Ngorongoro saa kumi na mbili, na fedha imekwenda naye. Njia pekee ya kulinasa ni kuchukua bili za karatasi zenye saini, kutazama namba ya chumba na jina, kisha kufungua ukurasa wa mgeni huyo na kuona kama bili imo. Wapo wanaodhani kuwa kompyuta imeimaliza kazi hii kwa sababu kufunga siku ni kubofya kitufe kimoja. Ni kweli kompyuta hujumlisha yenyewe na haikosei kujumlisha, lakini haijui nani alikula samaki. Kwa hiyo kwenye tangazo nikaandika maneno ambayo hayamo kwa umbo hilo kwenye Kiingereza, ingawa maana yake imo: "Kulinganisha bili za mgahawa, baa na dobi, moja moja, na hesabu za wageni na fedha zilizopokelewa, na kutafuta chanzo cha tofauti yoyote kabla ya kufunga siku." Mwombaji anayesoma "moja moja" anajua anaitwa kwenye kazi gani.

Kisha likaja jambo la tarehe, ambalo nilikaa nalo muda mrefu kuliko yote mengine. Hoteli haibadilishi tarehe saa sita usiku. Mfumo wake una tarehe yake wenyewe, tuiite siku ya hoteli, na siku hiyo hubadilika pale tu naiti odita anapoifunga, pengine saa nane, pengine saa tisa usiku. Mgeni aliyeweka nafasi ya Ijumaa, ndege yake ikachelewa akafika hotelini saa sita na dakika arobaini usiku, kalenda ya ukutani inasema ni Jumamosi lakini kwa hoteli bado ni Ijumaa, na anapokelewa bila tatizo. Huyo huyo akifika saa kumi alfajiri baada ya siku kufungwa, mfumo unakuwa umekwisha kumwandika kuwa hakutokea, na huenda ametozwa adhabu ya kutotokea. Mpokeaji inabidi amrudishe kwenye orodha kwa mkono, arekebishe tozo, na afanye yote hayo mbele ya mtu aliyechoka na mwenye mizigo. Kwa sababu hiyo naiti odita mzuri, kabla ya kufunga, hutazama nani hajafika na anakuja kwa ndege ipi.

Tangazo lilikuwa na sentensi moja kavu kuhusu "kushughulikia wasiotokea", ambayo mtafsiri wa kwanza aliigeuza kuwa "kushughulikia watoro". Mtoro ni mwanafunzi. Niliandika: "Kuthibitisha wageni walioweka nafasi na hawajafika, kabla ya kuwahesabu kuwa hawakutokea." Sentensi ya nne, kuhusu taarifa za asubuhi, haikuwa na taabu: jumla ya mapato, vyumba vilivyolaliwa, wageni wanaoondoka, na orodha ya wanaotaka kifungua kinywa cha kubeba. Nitaongeza tu kwamba aliyezoea umeme wetu huchapisha orodha ya wageni waliomo vyumbani kabla hajafunga siku, ili mfumo ukizimika katikati ya kazi asibaki hajui nani yuko chumba gani.

Zile sentensi mbili zilizobaki, za kupokea wageni wa usiku na kuwasiliana na mlinzi wa zamu, zilitafsiriwa vizuri tangu awali.

Sasa saa. Hapa ndipo tangazo linaweza kumdhuru mtu bila mtu yeyote kukusudia. Kiingereza kiliandika kwamba zamu ni kuanzia saa kumi na moja za usiku za kwao hadi saa saba za asubuhi za kwao. Tafsiri ya kwanza iliziacha tarakimu kama zilivyo: "saa 11 usiku hadi saa 7 asubuhi." Kwa Mswahili saa kumi na moja ni ya alfajiri au ya jioni, na saa saba ni ya mchana, au ya usiku wa manane. Hakuna "saa saba asubuhi". Zamu hiyo ni saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na kwa usalama nikaweka na saa za mfumo wa saa ishirini na nne: 23:00 hadi 07:00, kama zinavyoandikwa kwenye rosta.

Siku nazo zina mtego wake, tena wa Kiswahili chenyewe. Kwa hesabu ya kale, ambayo wazee wa pwani bado wanayo, siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mtu wa mjini leo akisema usiku wa Ijumaa anaweza kumaanisha ule unaoifuata. Rosta ya mapokezi haiwezi kuishi na utata huo. Lugha imetupa dawa yake, nayo ni neno "kuamkia": Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi. Hoteli ilikuwa imeandika kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili. Lakini aliyeingia kazini Jumamosi saa tano usiku atatoka Jumapili saa moja asubuhi, na kwa kalenda amefanya kazi saa saba za Jumapili yake ya mapumziko. Nilipouliza, ikabainika kuwa wanamaanisha usiku mmoja wa kutoingia. Nikaandika: "Mapumziko ya wiki ni usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu." Kwa hesabu hiyo mfanyakazi anatoka Jumapili saa moja asubuhi na anarudi Jumatatu saa tano usiku, saa arobaini kamili, wakati sheria inataka zisizopungua ishirini na nne mfululizo.

Nimeitaja sheria, na haiepukiki, maana masharti ya zamu kwenye tangazo ni ahadi. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana yao. Kwa sheria hii ya Bara, usiku wa kazi ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa inayofanyiwa kazi ndani ya muda huo huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Tangazo la Kiingereza lilisema kuna posho ya usiku. Tafsiri ya kwanza ikasema "marupurupu ya usiku", neno ambalo mtu akilisoma atadhani ni hisani ya mwajiri, kitu kama chai. Ni nyongeza ya kisheria, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuitwa.

Kiasi chake si kikubwa, na ni vizuri mwombaji akajua mapema. Mshahara wa msingi ukiwa 585,000 kwa mwezi, hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45 za wiki, na saa moja inakuwa takriban shilingi 3,000. Asilimia 5 yake ni 150. Katika zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, saa za usiku ni saba, kwa kuwa saa ya mwisho, baada ya saa kumi na mbili, haimo. Kwa hiyo nyongeza ni shilingi 1,050 kwa usiku mmoja, na kwa usiku 26 wa mwezi ni 27,300. Anayedhani kazi ya usiku hulipa mara mbili anachanganya nyongeza hii na malipo ya sikukuu.

Lakini nilipokuwa nikihesabu hayo, nikaona jambo jingine. Tangazo lilisema usiku sita kwa wiki, saa nane kila usiku, "muda wa chakula ukiwemo". Nikajiuliza: umo wapi? Sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, ambayo mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kuitwa wakati wa mapumziko hayo. Naiti odita yuko peke yake kaunta. Akienda jikoni kula, simu ikilia ni yake, mgeni akigonga ni wake. Maana yake saa yake ya chakula ni saa ya kazi. Saa nane mara sita ni 48, na kikomo cha saa za kawaida kwa wiki ni 45, hivyo saa tatu za kila wiki ni za ziada na hulipwa mara moja na nusu. Kama hoteli ingekuwa na mtu wa kumshikia kaunta kwa saa moja, zingekuwa saa saba mara sita, yaani 42, na hakuna cha ziada. Maneno matatu ya Kiingereza yaliweza kubeba maana zote mbili bila kutoa jasho. Kiswahili kilinidai nichague, na mimi si mwenye hoteli, kwa hiyo nikarudisha swali kwa afisa rasilimali watu.

Swali la pili nililorudisha lilitokana na neno ambalo siku hizi limo katika kila tangazo, kwamba mwombaji awe "mnyumbufu". Kunyumbuka ni sifa ya mpira na ya mwana sarakasi. Katika matangazo ya kazi neno hilo la Kiingereza lina maana ya wazi kabisa: utabadilishiwa zamu na hutanuna. Basi liandikwe hivyo: "Awe tayari kubadilishiwa zamu kwa taarifa ya mapema." Ila likiandikwa hivyo, mwajiri naye analiona sawasawa. Mtu aliyetoka saa moja asubuhi akiitwa zamu ya saa tisa alasiri siku hiyo hiyo atakuwa amepumzika saa nane, na sheria inataka kumi na mbili, ukiondoa mazingira machache yenye makubaliano ya maandishi.

Sehemu ya sifa za mwombaji ni fupi, na makosa yake ni ya kuchekesha zaidi kuliko ya kudhuru. "Mchezaji wa timu" nilimtoa. Anayefanya kazi peke yake usiku kucha ana timu gani, zaidi ya mlinzi na mpishi wa alfajiri? Nikaandika kuwa akabidhi zamu kwa maandishi na kwa ukamilifu, kwa sababu ushirikiano wake na wenzake unapita kwenye daftari la makabidhiano. "Uzoefu wa Opera" ulibaki, lakini ukiwa na maelezo, maana OPERA ni jina la mfumo wa kompyuta unaotumika katika hoteli nyingi, na aliyeusoma mstari huo bila kuufahamu aliniuliza kama wageni huimbiwa. Nikaandika: "Uzoefu wa mfumo wa hoteli kama OPERA utakuwa sifa ya ziada." Hapo napo pana tofauti ya kuchunga: tafsiri ya kwanza iliweka mambo yote chini ya "lazima awe", kumbe Kiingereza kilitenga yaliyo lazima na yanayoongeza nafasi tu. Ukizichanganya, unamfukuza mtu mwenye miaka miwili ya mapokezi anayeweza kufundishwa mfumo huo.

Na CPA? Haikuwahi kuwemo. Iliingizwa na wasomaji wenyewe kwa sababu ya kichwa cha habari. Hoteli ilitaka cheti au stashahada ya hoteli au ya uhasibu, na uzoefu wa kaunta. Vilevile tafsiri ya kwanza iliongeza "mwanamume" mahali ambapo Kiingereza hakikusema jinsia. Alipoulizwa, mtafsiri alijibu kuwa kazi za usiku haziruhusiwi kwa wanawake. Si kweli. Sheria inamzuia mjamzito kufanya kazi usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua na mama aliyejifungua katika miezi miwili ya baada, muda ambao daktari anaweza kuuongeza, na inawazuia walio chini ya miaka kumi na minane. Kumbagua mwombaji kwa jinsia yake kumekatazwa na sheria hiyo hiyo. Kiswahili kina bahati ya kusema "awe" bila kumtaja mume wala mke. Hakukuwa na haja ya kuiharibu bahati hiyo.

Majibu ya maswali yangu mawili yalikuja baada ya siku tatu. Afisa aliandika kwamba hata lile tangazo la Kiingereza wamelibadilisha: usiku umekuwa tano badala ya sita, na wa sita na wa saba utashikwa na mhudumu mwingine wa mapokezi atakayefundishwa kufunga siku. Nikafanya marekebisho, na tangazo likatoka hivi:

"Anahitajika Mhudumu wa Mapokezi wa Usiku na Mfunga Hesabu za Siku (naiti odita). Atapokea wageni wanaofika usiku na kuwaaga wanaoondoka alfajiri. Ataingiza bei ya chumba na kodi kwenye hesabu ya kila mgeni. Atalinganisha bili za mgahawa, baa na dobi, moja moja, na hesabu za wageni na fedha zilizopokelewa, na kutafuta chanzo cha tofauti yoyote. Atathibitisha wageni walioweka nafasi na hawajafika. Atafunga siku ya hoteli kwenye mfumo na kuandaa taarifa za asubuhi kwa meneja. Atawasiliana na mlinzi wa zamu kuhusu usalama wa wageni.

"Zamu ni ya usiku, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi (23:00 hadi 07:00), usiku tano kwa wiki, sikukuu zikiwemo. Mapumziko ni usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu na wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Saa ya chakula inalipwa kwa kuwa mhudumu hataondoka kaunta. Nyongeza ya kisheria ya kazi ya usiku italipwa pamoja na mshahara, na hoteli itatoa usafiri wa kumleta kazini.

"Lazima awe na cheti au stashahada ya hoteli au ya uhasibu, uzoefu wa mapokezi usiopungua miaka miwili, Kiswahili na Kiingereza cha kuzungumza na kuandika, na uwezo wa kukabidhi zamu kwa maandishi. Awe tayari kubadilishiwa zamu kwa taarifa ya mapema. Uzoefu wa mfumo wa hoteli kama OPERA utakuwa sifa ya ziada."

Neno "naiti odita" nililiacha kwenye mabano kwa makusudi, kwa ajili ya wale ambao tayari wanaifanya kazi hiyo mahali pengine na hawajawahi kuisikia ikiitwa kwa jina jingine. Mfunga hesabu za siku ni jina langu. Wapo walioniambia kuwa ni refu, na ni kweli. Safari hii, mwombaji wa kwanza alikuwa mhudumu wa mapokezi wa hoteli ya jirani, na alichouliza kwenye simu ni kama mashine ya mgahawa imeunganishwa na mfumo wa mapokezi au bili huingizwa kwa mkono.